Jina la saluni limepanda Marangu, usafi ulibaki Moshi

Wiki ya kwanza ya Januari, mama mmoja aliingia kwenye saluni iliyo karibu na Soko la Kati, Moshi mjini, akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka saba. Alimvua mtoto kofia. Kichwani kulikuwa na mabaka matatu ya mviringo, meupe kama yamepakwa unga, na nywele zimekatikia shinani.

"Dada, huyu mtoto mmemnyoa ninyi," alimwambia mwenye saluni. "Nimeshatoka hospitali. Wamesema ni mapunye."

Mwenye saluni alifungua daftari lake la Desemba na hakuliona jina la mtoto. Alipouliza zaidi, ikajulikana kwamba mtoto alinyolewa siku chache kabla ya Krismasi, familia ilipokuwa nyumbani kwa babu, Marangu Mtoni. Huko kuna saluni yenye jina lilelile, rangi zilezile ukutani na aproni zilezile. Mama yule hakujua kwamba ni mali ya mtu mwingine, na hakuwa na sababu ya kujua.

Saluni ya Marangu ni ya wifi wa mwenye saluni ya Moshi. Mwaka mmoja nyuma, wifi aliona jinsi wazazi wanavyojaa Moshi Jumamosi kuwanyoa watoto na kusuka, akaomba atumie jina hilo huku juu mlimani. Walikubaliana kwa mdomo, kwenye kikao cha familia. Wifi angelipa ada ya kuingia shilingi 600,000, kisha 150,000 kila mwezi. Alipewa jina, rangi, mfano wa aproni na siku tatu za kuangalia kazi inavyofanyika. Kila mtu aliondoka akifurahi.

Tatizo ni kwamba kilichowaleta wazazi Moshi hakikuwa jina. Saluni ile ilikuwa na utaratibu ambao mwenyewe aliuona wa kawaida mno hata hakuutaja. Kila asubuhi beseni la jik huandaliwa upya. Mashine ya kunyolea ina meno ya kubadilisha, seti tatu, ili moja ikiwa kwenye beseni nyingine iwe inafanya kazi. Vichana, brashi na meno husafishwa nywele kwanza, vikaoshwa kwa sabuni, ndipo vikazamishwa kwa dakika 10, kisha vikasuuzwa na kukaushwa. Meno ya chuma hupakwa mafuta, maana jik hula chuma na meno yenye kutu huchana ngozi ya mtoto.

Sabuni inatangulia kwa sababu uchafu na nywele huinyang'anya jik nguvu. Kinyozi anayetumbukiza kichana chenye nywele kwenye maji ya jik yaliyokaa tangu juzi anaosha macho ya mteja tu. Mapunye ni ukungu, na mbegu zake hukaa kwenye vipande vya nywele vilivyobaki katikati ya meno ya mashine, zikisubiri kichwa kinachofuata. Mtoto akishaupata, krimu ya kupaka peke yake haitoshi, kwa kuwa ukungu umeingia ndani ya shina la nywele. Huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, inayoandikwa na mtaalamu wa afya.

Mwenye saluni hakumwambia yule mama kwamba Marangu si kwake. Alimrudishia hela ya kunyolewa, akamwomba radhi, na Jumapili akapanda daladala hadi Himo na nyingine hadi Marangu.

Hakwenda kuthibitisha kosa, kwa sababu lisingethibitika. Mapunye huambukizwa pia kwa kofia, mito na watoto kugusanisha vichwa, na kati ya kuambukizwa na baka kuonekana hupita siku kadhaa hata wiki. Huenda mtoto aliyatoa kwa binamu zake. Alichotaka kujua ni kama utaratibu ulifuatwa, na hilo lina hesabu yake.

Jik ya kawaida ya dukani ina nguvu ya asilimia 3.5. Kikombe kimoja cha jik kwenye vikombe sita vya maji hutoa asilimia 0.5, kiwango kinachotumika kutakasa vifaa. Kwa kikombe cha mililita 250 kila asubuhi, siku 26 za kazi zinahitaji lita sita na nusu kwa mwezi. Desemba, watu wa Dar es Salaam na Arusha wanapojaa vijijini, beseni hubadilishwa mara mbili kwa siku, hivyo matumizi yanakaribia lita 13.

Aliomba risiti za Desemba. Jik iliyonunuliwa ilikuwa lita mbili, yaani asubuhi nane.

"Wifi, mwezi mzima lita mbili?"

"Wifi, nitanunua na nini?" mwenzake akajibu. "Mwezi wa nne na wa tano huku ni mvua na matope, nimeuza laki saba. Wewe umechukua laki na nusu yako. Kodi ya chumba ipo, umeme upo, wasichana wawili wanadai mshahara. Nilianza kubana humo humo."

Inafaa kumsikiliza wifi, kwa sababu alikuwa na hoja. Laki na nusu kwenye mauzo ya milioni moja ni asilimia 15, na kwenye mauzo ya laki saba inapita asilimia 21. Saluni ya mlimani haina miezi inayofanana. Desemba inaweza kuingiza milioni tatu, na Januari wanafunzi hunyolewa kabla ya shule kufunguliwa, kisha mvua za masika zinakausha mtaa. Ada isiyobadilika humbana anayelipa katika miezi ambayo hana, na kitu cha kwanza kukatwa ni kile ambacho mteja hakioni. Rangi ya ukuta huonekana. Maji ya beseni yanafanana yakiwa mapya na yakiwa ya juzi.

Tena, ile 150,000 haikulipia chochote. Mwaka mzima mwenye jina hakuwahi kupanda Marangu kukagua.

Kuuza namna ya kuendesha saluni si jambo geni. Mwanamke aliyelifanya kwa mafanikio mapema kabisa ni Martha Matilda Harper, mzaliwa wa Kanada, aliyepelekwa kufanya kazi za ndani akiwa na miaka saba. Baada ya miaka kama 25 ya utumishi alifungua saluni Rochester, jimbo la New York, mwaka 1888, na miaka michache baadaye akaanza kuwaruhusu wanawake wengine, wengi wao waliokuwa watumishi kama yeye, kufungua saluni zenye jina lake. Zilipofika kilele zilikuwa takriban 500. Aliwafundisha kabla ya kuwapa jina, akawauzia bidhaa zake mwenyewe na kupeleka wakaguzi. Kiti cha kuegemea nyuma wakati wa kuoshwa nywele kinahesabiwa kuwa ubunifu wake, lakini hakukiwekea hataza, kikatumiwa na kila mtu. Mafunzo na ukaguzi havikuigwa kirahisi namna hiyo.

Wale mawifi wawili walikaa tena, safari hii na wakili. Tanzania haina sheria mahususi ya biashara za namna hii, kwa hiyo kinachowalinda ni mkataba wenyewe. Wakili aliuliza swali moja lililowanyamazisha: jina hili ni la nani? Mwenye saluni alikuwa ameandikisha jina la biashara BRELA na akaamini yamekwisha. Jina la biashara linaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina gani. Cha kumruhusu mwingine atumie kwa malipo, na kumzuia asiyeruhusiwa, ni alama ya biashara na huduma, ambayo huombwa peke yake BRELA. Huduma za saluni zipo katika daraja la 44. Usajili hudumu miaka 7 kwanza, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Bila hiyo, wifi angeweza kuamka kesho na kusema jina ni lake Marangu nzima.

Ada ikabadilishwa kuwa asilimia 7 ya mauzo. Mwezi wa laki saba ni shilingi 49,000, na Desemba ya milioni tatu ni 210,000. Nauli ya ukaguzi na siku ya kazi ya mkaguzi hutoka humo humo, na mkataba unasema hivyo: mwezi usio na ukaguzi, ada inapungua nusu.

Asilimia ina udhaifu wake, maana anayelipa anaweza kuficha mauzo. Dawa ya kulainisha nywele iliwasaidia hapo. Wifi huinunua Moshi tu, na kwa kipimo cha saluni hiyo kopo moja linatosha vichwa kumi. Akinunua makopo sita na daftari likaonyesha vichwa 25, kuna hela haikuandikwa. Akinunua matatu na daftari likaonyesha vichwa 60, ananunua kwingine dawa isiyojulikana, na hiyo inatisha zaidi, kwa kuwa dawa hizo huunguza ngozi zikiwa kali au zikikaa kupita muda.

Mkaguzi hufika bila taarifa, mara moja kwa mwezi na mara mbili Desemba. Si wifi wala ndugu, ni msusi wa siku nyingi wa Moshi. Haanzi na kuta. Ananusa beseni na kuuliza limeandaliwa saa ngapi, anatoa meno ya mashine na kuyagonga juu ya karatasi nyeupe aone kama nywele zitaanguka, kisha anajumlisha risiti za jik. Kosa la kwanza huandikwa. La pili, kunyoa watoto kunasimama siku saba hadi wafanyakazi wafundishwe upya Moshi. La tatu, kibao kinashushwa. Kipengele hicho kiliwachukua jioni mbili kukubaliana, na mama mkwe alikasirika akisema ndugu hawaandikiani hivyo. Wifi ndiye aliyesaini kwanza.

Mwezi wa tatu risiti zilionyesha lita sita. Mkaguzi aliandika kwamba imepungua nusu lita, wifi akamwonyesha chupa iliyobaki kutoka mwezi uliopita.

Sasa kuna dada wa Machame anayetaka jina hilo. Ameshapata chumba, ameshapaka rangi, na ameleta ada ya kuingia mkononi. Ameambiwa arudi nayo nyumbani, aje kwanza afanye kazi Moshi wiki nne, akianzia kwenye beseni.