Kiraka cha Fremu ya Jirani

Maji ya Ziwa Turkana yana magadi. Tone likikaukia kwenye lenzi linaacha doa jeupe, na ukilifuta kwa fulana mkiwa bado majini unalitandaza tu. Kwa hivyo siku ile pale Ferguson's Gulf, upepo ukirusha maji ndani ya mashua, niliendelea kurekodi na tone langu upande wa kulia wa picha.

Kulitoa ilikuwa kazi ya usiku, Lodwar, stima ikiwepo. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili na hii kitu sikufunzwa na mtu, lakini wazo lake ni rahisi. Tone limeganda kwenye lenzi, haliendi popote. Dunia iliyo nyuma yake ndiyo inapita. Kilichofichwa kwenye fremu hii huenda kiko wazi kwenye ya jirani.

Kwanza nilitaka kujua tone linaishia wapi. Nilichukua fremu 100 nikazichanganya kuwa picha moja ya wastani. Ufuo na maji vikayeyuka kama ukungu, tone likabaki pale pale. Nikalizungushia mpaka mpana kuliko lilivyoonekana, maana ukingo wake hufifia polepole. Ukibana sana, unabaki na pete inayoelea.

Tone na ukingo wake lilikuwa na upana wa pikseli 160. Nilikuwa nageuza kamera kulia taratibu, na ufuo wa Longech ulisogea kushoto pikseli 10 kila fremu. Hesabu ya sokoni tu: baada ya fremu 16, kile kilichokuwa chini ya tone kimeshatoka nje. Nikachukua fremu hiyo ya 16 mbele, nikairudisha kulia pikseli 160, nikakata kiraka na kukilaza juu ya tone. Kisha fremu inayofuata, hivyo hivyo.

Vibanda vilikaa sawa. Mawimbi yalikataa, kwa sababu baada ya fremu 16 wimbi si lile tena. Hapo nililainisha kingo za kiraka, nikacheza klipu kwa robo ya kasi nikitazama kama kuna mstari unaokatika. Maji yanasamehe.

Klipu ya pili haikusamehe. Kamera ilikuwa inamfuata mvuvi anayechomoa samaki wavuni, na tone lilikaa juu ya mikono yake. Ukimfuata mtu, unamfuata na tone lake: ufuo nyuma unakimbia, yeye hatoki. Fremu 16 mbele, mikono bado iko chini ya tone, tena inafanya kitu kingine.

Mteja akaniambia nitoe mikono sehemu nyingine ya klipu, niibandike. Inawezekana. Lakini ningekuwa nimemtungia mvuvi samaki ambaye sijui kama alimshika, na klipu yenyewe ilikuwa ya kuonyesha wavu umeleta nini. Nilimtumia sekunde 3 za mwanzo, kabla mikono haijaingia chini ya tone, na zilizobaki nikaziacha zilivyo. Alilipa nusu.