Kumnyoa Marehemu

Kazi nyingi zinazofika mezani kwangu, hapa Barabara ya Nasser, Kampala, ni za haraka: kadi za arusi, mabango ya wagombea, matangazo ya misiba. Ile ya mama mmoja kutoka upande wa Mengo ilinichukua siku mbili. Familia ilikuwa ikijiandaa kumalizia msiba wa mumewe, ile shughuli Waganda wanayoiita olumbe, na picha pekee iliyo safi ilipigwa wakati wa ugonjwa, ndevu zimejaa. "Huyu si baba wa watoto wangu," akaniambia. "Mnyoe, mwanangu."

Mzee amekaa barazani, kanzu nyeupe na koti juu yake, mwanga unatoka kushoto. Nikaanza kwa Healing Brush kama kila mtu. Nywele chache za shavuni ziliondoka vizuri. Nilipofika penye ndevu nzito, brashi ikaanza kuchafua, kwa sababu huchanganya rangi ya pale unapopaka na ya jirani yake; jirani akiwa mweusi, unabaki na doa la kijivu kama masizi yaliyofutwa kwa kitambaa kikavu. Ukiliona doa hilo, acha hiyo brashi. Pale ngozi haipo ya kuponywa, inabidi ijengwe upya.

Nikaitenga picha matabaka mawili. La chini nikalipitisha Gaussian Blur, pikseli 6, kwa uso uliokuwa na upana wa pikseli 900 hivi, mpaka vitundu vya ngozi vikapotea ikabaki rangi na mwanga tu. La juu, kwa Apply Image na Linear Light, likabeba vitundu, mikunjo na nywele. Wengi hudhani ukishatenga hivyo ndevu zote zinakaa juu. Ndevu nzito ni giza pana, na giza pana hubaki chini. Kwa hiyo nilipaka rangi ya shavu kwenye tabaka la chini kwanza, upande wa mwanga kwa rangi ya upande wa mwanga, upande wa kivuli kwa ya kivuli, kisha juu yake nikabandika vitundu kwa Clone Stamp.

Hapo nikakosea. Nilichukua vitundu vya paji la uso, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na eneo kubwa safi. Lakini paji lina mikunjo ya kulala na jasho linalong'aa, na kidevu hakikunjiki hivyo. Mama alipoitazama alicheka kwa huzuni: "Umempa mume wangu mapaji mawili." Nikafuta, nikachukua vitundu vya shavu la chini na vya shingo, vipande vidogo vidogo, nikibadilisha mahali pa kuchukua ili kipele kimoja kisijirudie mara tatu.

Bado sura ilikuwa imekufa. Rangi sawa, vitundu sawa, na kidevu kama cha udongo. Nilikaa nikiitazama kanzu mpaka nikaelewa. Kitambaa cheupe kifuani hurudisha mwanga juu, chini ya taya. Ndevu nyeusi zilikuwa zikiumeza, hivyo picha haikuwa nao, nami nilipoziondoa sikuurudisha. Nikapaka mwanga hafifu chini ya kidevu, nusu tu ya ule wa shavuni, nikaongeza kivuli chembamba chini ya mdomo na mkunjo unaoshuka kutoka puani ambao masharubu yalikuwa yameufunika. Mwisho nikatia chembechembe za kamera juu ya sehemu mpya, maana ngozi iliyopakwa huwa laini kuliko picha yenyewe, na mashine ya kuchapa haisamehe.

Kuongeza ndevu, kama wanavyotaka vijana wa kwanjula, kunafuata njia hiyohiyo kinyumenyume: giza laini kwanza, kisha nywele zilizojikunja moja moja, ngozi ikionekana katikati yake, na upande wa kivuli nywele zising'ae. Ndevu zilizokatwa kwenye picha ya mtu mwingine huwa zinakuja na jua lake. Na picha ya pasipoti au kitambulisho sigusi; mteja anyoe kwa wembe kisha apigwe upya.

Umbo la kidevu cha yule mzee sikulibuni. Mama alikuwa na picha ya arusi iliyofifia, ndogo kama kiberiti, haifai kuchapwa, lakini taya linaonekana: pana, lenye kibonde kidogo katikati na vipele vya wembe shingoni. Vipele niliviacha vitatu.

Basi ukinijia na kazi ya namna hii, njoo na picha ya pili ya mwenye ndevu akiwa amenyoa, hata iwe imechanika. Chini ya ndevu zake mimi sikuwahi kuona.