Vinundu vya Pweto

Nilipopanda gari Lubumbashi kwenda Pweto, safari yangu ya kwanza upande ule, mkobani nilikuwa na kroshe, maboli mawili ya uzi mweupe, na kitambaa cha kochi nilichotaka kimalizike kabla sijafika kwa mama mkubwa. Kilikuwa na upana wa mafundo 31. Nilifuma njia nzima, gari likirukaruka. Kasomeno tulisimama kununua maji. Kilwa ndipo nilipoliona Ziwa Mweru kwa mara ya kwanza, jeupe kwa mwanga hadi huwezi kujua linaishia wapi, nikaacha kroshe kwa muda. Kisha nikaendelea kufuma, tena bila kuhesabu mistari.

Nyumba ya mama mkubwa haiko mbali na mahali Mto Luvua unapotoka ziwani. Uani chisense walikuwa wameanikwa juani. Baada ya salamu na chakula nilimpa kitambaa. Hakukitazama, alikiweka magotini, akapitisha kiganja juu yake polepole, akakisimamisha katikati.

"Mwanangu, hapa vinundu vimeingia ndani."

Kweli. Safu ya kwanza ya vinundu ilikuwa imetokeza vizuri usoni, lakini ya pili ilikuwa mgongoni. Usoni palibaki vishimo tu. Nikajaribu kuvisukuma kwa kidole, vikatokeza, kisha nilipovuta kitambaa kidogo vikarudi.

Akaeleza sababu huku anafuma mwenyewe. Kinundu ni mafundo marefu 5 ndani ya tundu moja, kila moja likiachwa bila kumaliziwa, mpaka kwenye kroshe kuna vitanzi 6. Ndipo uzi unavutwa kupita vyote kwa mara moja. Pembeni yake yapo mafundo mafupi. Fundo refu halipati nafasi ya kusimama kati ya mafupi, hivyo linakunjika, na linakunjikia upande wa mbali na mfumaji. Kwa hiyo kinundu hufumwa mgongo wa kitambaa ukikutazama, kitokeze usoni. Mimi nilifuma safu ya kwanza mstari wa 4, mgongoni, sawasawa. Lakini garini niliacha mistari mitupu 2 badala ya 3, safu iliyofuata ikaangukia mstari wa 7, na mstari wa 7 ni wa usoni.

Nilifumua hadi mwisho wa mstari wa 6. Iliniuma, maana kazi ya nusu siku iligeuka kilima cha uzi uliojikunja. Nikafuma mstari wa 7 mtupu, nikageuza, nikaanza wa 8.

Hapo akanifundisha nafasi. Safu ya kwanza ilikuwa mafundo mafupi 3, kinundu, mafupi 3, kinundu, hadi mwisho: vinundu 7, na kuishia na mafupi 3. Safu ya pili haianzi hivyo, la sivyo vinundu vitapangana kama vifungo vya shati. Inaanza na fupi 1, kisha kinundu, kisha 3, na kuishia na fupi 1. Vinundu 8, na isipokuwa vile vya kingoni, kila kimoja kikikaa katikati ya viwili vya chini. Jumla bado ni 31. Nilipohesabu nilipata 32, akaonyesha kosa: juu ya kinundu nilikuwa nimechoma mara mbili, katika kichwa chake na katika kifundo cha kukifungia. Kinundu kizima ni fundo moja. Ukikosea hapo, mstari unaofuata vinundu vyote vinaanza kwenda mshazari, na ukingo unapanuka.

Kwa ukingo alitaka bisi. Bisi hufumwa usoni: mafundo marefu 5 yaliyomaliziwa kabisa katika tundu moja, kisha unatoa kroshe kwenye kitanzi, unaichoma kutoka mbele kwenda nyuma katika kichwa cha fundo la kwanza kati ya yale 5, unakamata kile kitanzi ulichokiacha, unakivuta kipite. Bisi huruka mbele papo hapo. Ukichoma kutoka nyuma kwenda mbele, hurukia mgongoni. Nilifanya hivyo mara moja, nikaona, nikafumua bila kuambiwa. Bisi hula uzi mwingi kuliko kinundu, na kusimama kwake ni kukali zaidi. Ndiyo maana mama mkubwa haipendi katikati ya kitambaa cha kochi, mahali mtu anapoegemea mgongo.

Kupiga pasi alikataa kabisa. Kama ni lazima, alisema, weka uso chini juu ya taulo nene, na pasi isikandamize.

Asubuhi ya kuondoka alikata uzi wa buluu, akaufunga kwenye kona ya kitambaa, upande wa uso. Njiani kuelekea Kilwa, kila nilipofika safu ya vinundu, nilitafuta kwanza ule uzi. Nikiuona mbele yangu, nilijua mstari huo ni mtupu.