Gunia la Mzee siku ya vyeti

Siku tulipopewa vyeti vya ushonaji, wengi wetu tulikuwa tayari tumeandika barua za kuomba kazi. Mlezi wetu, ambaye naye alivuka kutoka Uvira kama sisi, alisimama kuzungumza. Hakuanza na pongezi. Aliweka mezani gunia tupu la sukari, lile la plastiki iliyofumwa, limechanika pembeni.

“Watoto wangu, hiki kimetoka wapi?”

Tukajibu Bandarini. Nani hajui? Meli zinaleta saruji na sukari kutoka Mpulungu, kule Zambia, nyingine zinatoka Kigoma, na magunia yanayochanika hayakosekani.

“Barua zenu pelekeni, sijasema muache. Lakini anayewaajiri alibuni kazi yake kwanza. Wakati mnamngoja, na ninyi buni yenu.”

Tulipiga makofi, ila kusema kweli tulinung'unika pia. Gunia halilipi kodi ya nyumba, jamani! Na mtu akikosa kazi kwa sababu ya karatasi zake za ukimbizi, hilo halitibiwi na cherehani. Bado tunasema hivyo.

Hata hivyo watatu kati yetu tulikwenda. Bandarini hauingii hivi hivi, kwa hiyo tuliongea na wabeba mizigo pale nje, ambao walikuwa wanauza magunia tayari. Tukakubaliana tununue kwao, tusiwaharibie riziki. Gunia la kilo 50 tulilikata katikati, likatoa mifuko miwili ya sokoni: nusu ya chini ina kitako chake, ya juu tunaishonea kitako.

Mfuko wa kwanza ulirudishwa. Mama muuza viazi alikuja nao umefunguka kwenye mshono, akatuuliza kama tulisoma kweli. Uzi ulikuwa mzima, plastiki ndiyo iliyokatika. Tulikuwa tumeshona hatua fupi fupi kama kwenye kitenge, na sindano ikatoboa matundu yaliyokaribiana mpaka gunia likakatika kama karatasi ya stempu. Kumbe plastiki inataka hatua ndefu, milimita 4 au 5, ukingo ukunjwe mara mbili, maana usipokunjwa nyuzi zinafumuka. Siku hizi kabla ya kuuza tunauvuta mshono kwa mikono miwili. Tukiona matundu yanapanuka, tunafumua. Gunia lililokaa juani muda mrefu hatulichukui kabisa: ukilikwaruza kwa ukucha linatoa unga.

Yule mama tulimpa mfuko mwingine bure. Akarudi na jirani yake.

Tatizo letu sasa ni magunia yenyewe. Meli zikichelewa, wabeba mizigo hawana cha kutuuzia, na sisi tunakaa. Wiki hii tumeuza mifuko tisa tu. Mwenzetu mmoja bado anasubiri jibu la barua aliyopeleka mwezi wa tatu. Amesema akiitwa ataenda, ila cherehani yake anatuachia.