Ruhusa ya Nusu Siku na Foleni Isiyojua Saa

Nyumbani mwetu tuko wanawake watatu walioajiriwa, na mwaka haupiti bila mmoja wetu kuhudhuria kliniki ya hospitali ya serikali siku ya kazi. Kuomba ruhusa si kazi ngumu. Linalotutatiza ni swali linalofuata: "Utarudi saa ngapi?" Kadi ya kliniki huandikwa tarehe, pengine na saa mbili asubuhi, lakini saa hiyo ni ya wagonjwa wote wa siku ile.

Wengi hujibu kwa kutaja saa itakayomridhisha msimamizi. Huahidi saa nne. Ikifika saa sita hawaonekani na simu haipokewi, na aliyewashikia nafasi amekosa hata kwenda kula. Hapo ruhusa hugeuka utoro machoni mwa watu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 44, yahesabu kutokuwapo kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa kosa linaloweza kumfukuzisha mtu papo hapo. Mgonjwa hulindwa na kifungu cha 30. Akishatumika miezi miwili mfululizo, ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12. Sharti lake ni kumjulisha mwajiri mapema iwezekanavyo na kuleta cheti cha mganga kwamba hakuweza kufanya kazi.

Aliyekwenda kupimwa presha na akarudi kazini mchana huenda asipewe cheti hicho. Atapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba alihudhuria. Kwa hiyo sisi huuliza kabla ya siku yenyewe kama nusu siku itahesabiwa katika ugonjwa au itakatwa katika likizo ya mwaka. Na tukimsindikiza mama au mtoto, huomba likizo ya mwaka moja kwa moja, kwa kuwa kifungu cha 30 chamhusu mwajiriwa aliyeugua mwenyewe.

Kuhusu saa ya kurudi, desturi yetu ni kuahidi saa ya kutoa habari. Foleni haimo mikononi mwetu. Ujumbe wa simu umo. Mdogo wetu, karani wa malipo katika duka la vifaa vya ujenzi, alimwandikia msimamizi wake siku tatu kabla:

"Assalamu alaykum, bwana. Jumanne nina miadi ya kliniki katika hospitali ya serikali. Naomba ruhusa ya asubuhi. Saa ya kumaliza siwezi kuijua, ila saa tano kamili nitakuarifu nilipofika na kama nitaiwahi zamu ya mchana. Mwenzangu amekubali kunishikia hadi saa saba. Nitaleta karatasi ya hospitali."

Ugonjwa wake hakuutaja. Mwanamke halazimiki kumsimulia msimamizi mwanamume habari za mwili wake; neno "kliniki" latosha. Saa tano nayo haikuchaguliwa ovyo: ilimwachia msimamizi saa mbili za kutafuta mtu mwingine kabla ya yule mwenzake kuondoka.

Siku ile alifika saa kumi na mbili na nusu. Kuna foleni ya faili, ya kupimwa presha na uzito, ya daktari, ya maabara, kisha ya kumrudia daktari na majibu, na mwisho ya dawa. Kabla ya kumwona daktari, kukisia saa ya kumaliza ni kubahatisha, kwani hujui kama utatumwa maabara. Ukishatolewa damu, muulize mhudumu majibu yatatoka lini. Hiyo ndiyo saa ya kwanza unayoweza kuitegemea. Yeye aliambiwa saa sita. Saa tano kamili akaandika: "Nimeshapimwa damu, majibu ni saa sita, kisha daktari na dawa. Sitaiwahi saa saba. Tafadhali panga mtu hadi saa nane u nusu. Saa saba nitakuarifu tena." Aliandika ujumbe badala ya kupiga simu kwa sababu atokaye nje kuzungumza huenda akaitwa jina asisikie, na nafasi yake ikapita.

Karatasi ya mahudhurio aliiomba akiwa bado chumbani kwa daktari, ikatiwa sahihi na muhuri, na akahakikisha tarehe imeandikwa. Ukiikumbuka ukiwa dirishani pa dawa, utarudi kupanga foleni upya.

Saa saba alikuwa bado anangoja dawa, akaarifu hivyo. Saa nane na dakika kumi akaingia dukani. Msimamizi aliisoma karatasi, akaitia katika faili, na akamkatia nusu siku ya likizo ya mwaka kama walivyokubaliana.