Dakika Nne Kabla ya Mjadala wa Usubi

Mjadala wa jopo hutengemaa au huharibika kabla mzungumzaji wa kwanza hajashika kipaza sauti. Hivi karibuni niliombwa kufungua mjadala kama huo mjini Tukuyu, kuhusu usubi. Kazi yangu ilikuwa kumtambulisha mwendesha mjadala na kueleza mada, na nilipewa dakika nne.

Nilianza na mada. Ratiba iliandika: “Usubi Rungwe: mafanikio na changamoto.” Kichwa cha namna hiyo hakimlazimishi mtu yeyote kujibu lolote. Daktari atataja mafanikio, diwani atataja changamoto, kisha watu watakwenda kula. Niliwaomba waandaaji tukigeuze kuwa swali: ugawaji wa dawa ya usubi uachwe lini, na tutajuaje kwamba wakati umefika?

Swali hilo halieleweki bila kuueleza ugonjwa wenyewe. Usubi huenezwa na inzi wadogo weusi, ambao viluwiluwi wao hujishikiza kwenye mawe katika maji yaendayo kasi. Na mito yetu, kama Kiwira na Mbaka, ina maji hayo kwa wingi. Inzi akimuuma mtu mwenye vimelea huchukua minyoo michanga, kisha huipeleka kwa mwingine. Dawa ya ivamektini huua minyoo hiyo michanga inayowasha ngozi na kudhuru macho. Haiui minyoo pevu, ambayo huweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15. Huizuia tu isizae kwa muda. Ndiyo maana dawa hurudiwa mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo penye hatari. Mtu asiyejikuna tena anaweza kuwa bado amebeba minyoo pevu, na akiacha dawa mapema, ngozi yake itawalisha inzi upya. Kwa hiyo kauli tuliyoizoea, kwamba “siku hizi hatuoni wagonjwa”, si ushahidi wa kutosha. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 unataka vipimo viwili. Damu ya watoto walio chini ya miaka 10 ioneshe kwamba wenye kingamwili za usubi hawafiki 1 kati ya 1,000, na inzi wenye vimelea vya kuambukiza wasifike 1 kati ya 2,000. Watoto hupimwa kwa sababu wamezaliwa wakati dawa inagawiwa. Kingamwili katika damu yao huonesha kwamba maambukizi mapya bado yapo. Hata dawa ikishasimamishwa, ufuatiliaji huendelea kwa miaka 3 hadi 5. Tena mito haijui mipaka ya halmashauri: inayoanzia milima ya Rungwe hushuka Kyela hadi Ziwa Nyasa.

Kisha mwendesha mjadala. Ni muuguzi mstaafu aliyesimamia wagawa dawa wa vijijini kwa miaka mingi. Wasifu niliopewa ulikuwa kurasa mbili za semina na vyeti. Nilichukua mambo mawili tu. La kwanza, anaijua kazi yenyewe: namna ya kumpima mtu kwa kijiti cha urefu ili kujua idadi ya vidonge, na sababu ya kutompa dawa mtoto asiyefika sentimita 90. La pili ni kwamba ugawaji unaojadiliwa aliwahi kuusimamia yeye mwenyewe. Nilimweleza mapema kwamba nitalisema hilo hadharani, naye akakubali. Ukumbi ukijua mwendesha mjadala amesimama wapi, humsikiliza kwa haki. Ukiligundua baadaye, humshuku kwa kila swali.

Nilimuuliza pia angependa aitweje. Nje ya ukumbi mimi humwita Mama. Lakini jopo lilikuwa na watu wawili wa kuitwa Daktari, na kumwita yeye “mama yetu” mbele yao kungemshusha kutoka kiti cha kuongoza hadi kiti cha kukaribisha wageni. Alichagua “Muuguzi” likifuatiwa na jina lake la ukoo, nami nikalitamka hivyo tangu mwanzo.

Sikulijibu swali la mada. Ukumbini walikuwamo wagawa dawa, wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa kujitolea. Kama mfunguzi angesema usubi umekwisha, neno hilo lingefika vijijini kabla ya matokeo ya kipimo chochote, na katika mzunguko unaofuata watu wangewaambia wagawaji warudi na vidonge vyao. Kama angesema dawa ni ya milele, wagawaji waliochoka wangepoteza sababu ya kuendelea.

Swali la kwanza kutoka ukumbini ndilo kipimo cha utambulisho. Safari hii aliuliza mgawa dawa: ni watoto wa vijiji gani watakaotolewa damu, na nani atawarudishia wazazi majibu? Wanajopo walitazamana. Mjadala ulikuwa umeanza.