Maswali kwa Basi la Ikwiriri

Masika ya 1998 yalilikuta bonde la Rufiji limeshajaa maji. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza mwishoni mwa 1997, na wakati huo nilikuwa nahariri habari za mikoani katika gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam. Daraja la Mkapa lilikuwa halijajengwa, lilifunguliwa 2003, kwa hiyo waliokuwa wakielekea Kusini walivuka kwa pantoni pale Ndundu, ama walilala ng'ambo wakisubiri maji yapungue. Simu za mkononi hazikuwa zimefika huko. Mwandishi wetu wa Ikwiriri, mwalimu mstaafu ambaye sote tulimwita Mwalimu, aliandika habari zake kwa kalamu ya wino kwenye karatasi za daftari, akazitia kwenye bahasha na kumkabidhi kondakta wa basi la alfajiri. Nasi tulimjibu kwa njia hiyohiyo, kwa basi lililorudi mchana.

Jumamosi moja bahasha yake ilileta habari ya mtumbwi. Ilisema watu zaidi ya 10 wanahofiwa kufa maji baada ya mtumbwi walioupanda kupinduliwa na kiboko usiku wa Ijumaa, walipokuwa wakitoka kwenye mashamba yao bondeni. Mashuhuda watatu walisimulia. Miili mitatu ilikuwa imeopolewa. Aya ya mwisho ilisema habari hizo zimethibitishwa. Hakukuwa na jina hata moja, wala saa, wala aliyethibitisha.

Mhariri wa habari aliitaka kwa ukurasa wa kwanza wa Jumapili, na sababu alikuwa nayo, kwa kuwa watu 10 si wachache. Kilichonizuia ni hesabu ndogo ya muda. Ikiwa mtumbwi ulizama Ijumaa usiku, na bahasha ilikabidhiwa kwa kondakta Jumamosi alfajiri, basi Mwalimu aliweza vipi kwenda kwa baiskeli hadi mtoni, kuzungumza na mashuhuda watatu, kuona miili ikiopolewa, kurudi Ikwiriri na kuandika, yote gizani na kwenye tope lile? Mwalimu hakuwa mtu wa kutunga. Ama siku haikuwa hiyo, ama hakufika mtoni. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kila moja lina swali lake.

Kabla ya kushika kalamu nilijiuliza swali ambalo hadi leo naliona ndilo la kwanza katika kazi ile: ni lipi kati ya haya naweza kulipata mwenyewe nikiwa Dar es Salaam? Mwalimu alilipwa kwa habari iliyochapwa tu. Kila swali nililomtumia lilikuwa safari yake, nauli ya mtumbwi kutoka mfukoni mwake, na siku moja bila kwenda shamba. Kumwambia mtu wa namna hiyo "fafanua zaidi" ni kumtuma bila kumwambia anatumwa nini. Uthibitisho wa polisi niliuchukua mimi. Msemaji wa polisi alikuwa kamanda wa mkoa, naye alikuwa Kibaha, ambako simu ya mezani ilifika. Askari wa kituo kidogo cha huko bondeni angemwambia Mwalimu kwamba yeye si msemaji, na safari ingekuwa ya bure.

Barua yenyewe nilitunza nakala yake, maana niliichapa kwa karatasi ya kaboni:

"Mwalimu, shikamoo. Habari ya mtumbwi imefika, ahsante. Tumeishikilia hadi tupate majibu ya 1 hadi 4. La 5 likishindikana tutaitoa bila hilo. 1. Waliopanda walikuwa wangapi, waliookoka wangapi, miili mingapi, wasioonekana wangapi? Nani alikupa kila idadi? 2. Marehemu na wasioonekana: majina matatu, umri, kitongoji. Tafadhali yatazame kwenye daftari la zahanati au la mtendaji wa kijiji, si kwa mdomo tu. Ndugu wameshaambiwa? 3. Lilitokea Alhamisi au Ijumaa? Kabla ya Isha au baada ya Isha? 4. Mashuhuda watatu: kila mmoja alikuwa wapi wakati huo? Aliona mwenyewe au aliambiwa, na aliambiwa na nani? Nawe ulifika mtoni, au walikuja Ikwiriri? 5. Nani alimwona kiboko? Polisi nitawapigia mimi Kibaha. Basi la Jumatatu litafaa."

Swali la kwanza lina mafungu manne kwa makusudi. "Watu zaidi ya 10 wanahofiwa" ni maneno ambayo hayawezi kukaguliwa. Lakini waliopanda lazima walingane na waliookoka, waliokufa na wasioonekana wakijumlishwa. Hesabu isipolingana, kuna mtu amesahaulika au amehesabiwa mara mbili, na unajua pa kutafuta.

Nilimuuliza saa kwa Isha kwa sababu bondeni wachache walikuwa na saa ya mkono, lakini kila mtu alijua kama adhana ya Isha ilikuwa imeshatoka. Huko jua huzama kwenye saa 12 na nusu hivi, na Isha huja baada ya zaidi ya saa moja. Jibu la "kabla" au "baada" linakupa saa ya kuaminika kuliko shuhuda anayekisia "kama saa 2 hivi" kwa kuwa umemlazimisha kutaja namba.

Na la nne ndilo ambalo waandishi wengi wa mbali huliona kama dharau. Nililiandika kwa uangalifu, nikimuuliza mashuhuda walisimama wapi kabla ya kumuuliza yeye alifika wapi. Mtu aliyefundisha nusu ya wilaya kusoma hapaswi kuulizwa kama anasema kweli. Anaulizwa alikuwa wapi, na jibu linatosha.

Jioni ile nilimpata kamanda kwa simu. Alisema taarifa ya kuzama kwa mtumbwi siku ya Ijumaa hajapata. Alikuwa muungwana, nami sikuandika kwamba polisi wamekanusha, maana hakukanusha. Taarifa za bondeni zilipanda kwa simu ya upepo kutoka kituo kidogo hadi Utete kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ndipo zikaenda mkoani, na katika mafuriko yale zilichelewa. Nilimwomba atazame pia siku zilizotangulia. Gazeti la Jumapili likatoka bila mtumbwi. Mhariri wa habari hakufurahi, na hofu yake ilikuwa halali: gazeti jingine lingeweza kututangulia.

Jumatatu kondakta alileta bahasha nene. Marahaba ilikuwa ya kwanza, kisha majibu, kwa namba zilezile.

Mtumbwi ulibeba watu 9. Sita waliokolewa, wengine wakiwa wamekaa juu ya paa la dungu, vile vibanda vya nguzo ndefu ambamo wakulima wa bondeni hulinda mpunga wao. Miili iliyopatikana ilikuwa miwili, si mitatu, na mtu mmoja alikuwa hajaonekana. Sita na wawili na mmoja ni tisa.

Mwili wa tatu ulipotea kwenye daftari la zahanati. Kijijini mama mmoja alitajwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama fulani, kama kawaida yetu. Nduguze waliofika kutoka kitongoji cha pili walimtaja kwa jina lake la kuzaliwa. Mwalimu alisikia majina hayo mawili siku moja, kwa watu wawili tofauti, akahesabu marehemu wawili. Daftari la mganga lilikuwa na mwanamke mmoja tu, majina yake matatu na umri wake. Nilikuwa nimeomba majina ili wasomaji wajue nani amefariki, lakini siku hiyo majina ndiyo yaliyotupa idadi.

Siku nayo ikajitengeneza. Ilikuwa kabla ya Isha, muda mfupi baada ya magharibi, siku ya Alhamisi. Kwa Mwalimu, kama kwa watu wengi wa pwani, jua la Alhamisi likishazama Ijumaa imeingia, na usiku ule ni usiku wa Ijumaa. Aliandika sawasawa kabisa kwa hesabu yake. Daftari la polisi hubadili siku saa 6 usiku, kwa hiyo kwao ilikuwa Alhamisi. Nilipompigia kamanda tena, taarifa ya Alhamisi ilikuwa imeshamfikia: mtumbwi mmoja, vifo viwili, mmoja anatafutwa. Bila lile swali la tatu ningekuwa na matukio mawili mikononi, moja la Mwalimu lisilothibitishwa na jingine la polisi ambalo hakuna aliyetuandikia.

Mashuhuda watatu walirudi kuwa mmoja. Wa kwanza alikuwa ndani ya mtumbwi na alilazwa zahanati. Wawili waliobaki walikuja kwenye soko la Ikwiriri Ijumaa mchana, wakiwa wamesikia kwake. Mwalimu hakuwa amefika mtoni mara ya kwanza, na aliandika hivyo bila kujitetea. Mara hii alifika, akaongeza mpiga kasia na mwanamke mmoja aliyekuwa juu ya dungu, ambaye alisikia kelele na kuona watu majini lakini hakuona mtumbwi ukipinduka.

Hakuna aliyemwona kiboko. Aliyelazwa alisema mtumbwi uligongwa kutoka chini, na mpiga kasia alisema ulikwama kwenye gogo na maji yakauzungusha. Mhariri wa habari alimtaka sana yule mnyama, na kwa Rufiji si jambo la ajabu, viboko wapo na huua. Nilimwonesha majibu yote mawili. Tukaandika kwamba mtumbwi uligonga au uligongwa na kitu ambacho manusura hawakukiona, na kila kauli tukaipa mwenyewe.

Ilitoka Jumanne, ukurasa wa tatu, ikiwa na majina mawili ya marehemu ambao ndugu zao walikuwa wameshaambiwa. Jina la asiyeonekana halikutoka. Mjomba wake alimwambia Mwalimu kwamba mama wa kijana yuko Kilwa na hajapata habari, na haifai aipate kwa gazeti. Hilo nalo lilikuwa jibu kamili la swali la pili.

Kwa basi la siku hiyo nilimpelekea Mwalimu nakala mbili za gazeti na nauli zake zote za kwenda mtoni, ambazo mhasibu alizitoa baada ya mimi kumwekea barua ya maswali na barua ya majibu mezani pamoja. Nikaongeza swali moja: mama ameambiwa? Jibu lilichukua zaidi ya wiki kufika. Wavuvi walikuwa wameupata mwili chini zaidi mtoni, mjomba aliutambua, na mama alikuwa amefika kuzika. Majina yote matatu ya kijana yalikuwa hapo, umri na kitongoji, na mbele yayo Mwalimu aliandika alikoyatoa: mjomba, ana kwa ana, nyumbani kwake, Jumapili baada ya Adhuhuri. Tulichapa aya moja.